Jitu Lililokataa Kunyamaza

Mimi nilikuwa na habari, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu yote ile siku.

Habari yenyewe: nimepewa kipindi! Kwa redio! Redio ndogo ya Homa Bay, ile nimekuwa nikiwafanyia kazi ya kuchemsha chai na kusoma matangazo ya vifo tangu nimalize chuo Rongo. Kipindi cha watoto, Jumapili asubuhi, saa nzima, mimi mwenyewe kwa maikrofoni. Lakini meneja wetu, Cephas, ni mtu wa masharti. Alisema, "Dolphine, niletee hadithi moja nzima, mwanzo hadi mwisho, imerekodiwa, kabla jua lizame leo. Ikikosa, hiyo saa nampa Mochama aweke nyimbo zake."

Mochama! Mochama akipewa saa, hairudi tena. Huyo jamaa anacheza wimbo mmoja mara tatu, halafu anauliza wasikilizaji kama wameupenda.

Kwa hivyo nilitoka Homa Bay mbio hadi Uriri kwa Magokoro. Magokoro ni vile sisi Wakisii tunaita nyanya, na huyu wangu, Bathsheba, ana hadithi nyingi kuliko maharagwe ya gunia. Nilifika kama bado ni mchana mweupe. Nikamkuta jikoni anachambua mboga ya chinsaga na wale binamu zangu wawili wadogo, Noor na Hibo. Hao ni watoto wa anti Moraa. Anti aliolewa na Abdi, yule Msomali wa duka la vitambaa Migori mjini, na likizo watoto wanaletwa kwa Magokoro. Kikisii hawajui, Magokoro Kisomali hajui, kwa hivyo nyumba nzima inaongea Kiswahili, kila mtu na chake.

"Magokoro! Nina habari!"

"Nawa mikono kwanza."

"Magokoro, nataka unipe hadithi. Sasa hivi. Nairekodi kwa simu, inaenda kwa redio."

Akaniangalia vile daktari anaangalia mgonjwa aliyekula dawa ya kupaka.

"Saa hii?"

"Saa hii."

"Kwani wewe hujui hadithi ni za usiku? Mama wa hawa watoto yuko njiani anakuja kuwachukua. Nikisimulia mchana, mtu aliye safarini anapotea njia. Unataka Moraa aishie Tanzania?"

"Aki Magokoro, hizo ni zile mambo za…"

"Za nani?"

Hauwezi kumaliza hiyo sentensi mbele ya Magokoro na bado ukapewa chakula.

Nikakaa hapo nikiangalia jua, jua likiniangalia. Noor, ambaye ni wa miaka tisa na anajua kila kitu, akaniambia, "Si umwachie tu Mochama aweke nyimbo?" Yaani hata yeye nilikuwa nimeshamwambia. Nilikuwa nimeambia kila mtu, hadi mtu wa bodaboda. Ni Magokoro tu aliyekuwa hajasikia habari yangu.

Halafu mvua. Wale mnajua mvua ya huku, haibishi hodi. Upepo ulikuja kutoka upande wa ziwa, ukabeba beseni, ukabeba shati la Noor kutoka kwa kamba, na wingu likashuka jeusi kama sufuria ya githeri. Tukafunga mlango, tukafunga dirisha. Ndani kukawa giza hadi sikuona mkono wangu. Radi ikapiga mahali karibu, Hibo akaingia chini ya leso ya Magokoro akabaki miguu tu.

"Nataka mama," leso ikasema.

Magokoro akasikiliza ile giza kidogo. Akasema, "Sasa hii ni usiku."

"Ni saa kumi na moja, Magokoro," Noor akasema.

"Unaona mkono wako?"

"Hapana."

"Basi ni usiku. Usibishane na usiku. Dolphine, weka hiyo simu yako."

Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikaweka simu juu ya kigoda, nikabonyeza. Na wakati huo huo mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati. Jameni! Ni kama mtu anamwaga kokoto juu ya nyumba, lori baada ya lori. Nikatoa simu kwa kigoda nikaishika karibu na mdomo wa Magokoro, akaisukuma kama nzi.

"Nifungue mlango?" akauliza. Hapo ndipo hadithi zake huanzia.

"Fungua!" wakasema watoto.

"Kuna nani ndani?"

"Sisi!"

"Basi kaeni. Kulikuwa na msichana, jina lake Kwamboka."

"Songa!" wakapiga kelele.

Sasa lazima niwaeleze hii. Kwa Magokoro, kila akisema kitu, msikilizaji lazima aitikie. Sisi zamani tulikuwa tunasema "eeh". Hawa watoto wa mjini wameokota "songa" kwa makondakta wa stendi ya Migori, na Magokoro hakukataa. Anasema neno si muhimu, bora liwe la kusukuma. Ukiitikia anaenda. Usipoitikia anajua umelala, anasimamisha.

Mimi nilikuwa najua hayo. Nimekua kwa hiyo nyumba. Lakini nilikuwa nafikiria redio, na kwa redio hutaki watoto wawili wakipiga kelele "songa" kwa kila nukta. Nikawaonyesha kidole kwa mdomo: shh.

"Kwamboka alitumwa chumvi ng'ambo ya mto Kuja," Magokoro akasema.

Kimya. Mvua tu.

"Alitumwa chumvi."

Kimya.

Magokoro akaokota sinia yake, akaendelea kuchambua mboga gizani, kwa vidole.

"Magokoro? Endelea."

"Kwa nani? Naona wote wamelala."

"Dolphine ndiye ametunyamazisha!" leso ikasema.

"Ni ya redio," nikasema. "Redio inataka sauti moja, safi…"

"Basi hiyo redio yako isimulie yenyewe."

Nikawaambia sawa, pigeni kelele, semeni songa hadi mpasuke. Wakapasuka kweli. Hadithi ikasonga.

Kwamboka, Magokoro akawaeleza watoto, kwa Kikisii ni jina la kuvuka. Unampa mtoto aliyezaliwa wakati watu wamevuka mto au wamehama. Sasa huyu Kwamboka alivuka Kuja asubuhi maji yakiwa ya magoti, akanunua chumvi, na wakati wa kurudi mvua ikanyesha, mto ukafura, ukaanza kubeba miti. Hakuna kuvuka. Akaona moshi kwa nyumba moja, akabisha, akaingia. Kumbe ni nyumba ya jitu.

"Jina lake ni amevuka na hajavuka!" Hibo akatoa kichwa kwa leso.

"Hapo ndio uchungu," Magokoro akasema. "Mtu anaitwa kitu ambacho bado."

"Songa!"

Jitu likawasha moto, likaweka chungu, likaomba ile chumvi. Kwamboka akaona chungu ni kikubwa na nyama hakuna. Akajua nyama ni yeye. Akasema, "Mwenyeji, kwetu mgeni hulipa kwa hadithi kabla ya chakula." Jitu likasema sawa, sitamla mtu aliye katikati ya hadithi, itanikwama kooni kama mfupa. Lakini ukiufunga tu huo mlango wa hadithi, nakula.

Na hapo Magokoro akanyoosha mgongo, akabadilisha sauti ikawa nyembamba, sauti ya msichana anayetetemeka na hataki ijulikane.

"Nifungue mlango?"

Watoto wakataka kusema "fungua", akawazuia kwa mkono. Akajijibu kwa sauti nene, ya jitu, hadi sufuria ikalia: "FUNGUA."

Yaani hadithi ndani ya hadithi! Na mimi moyoni: Magokoro, tafadhali, Cephas ameomba moja. Moja! Jua linazama! Nani amekuomba ya pili?

"Kulikuwa na kanga," Kwamboka akaliambia jitu, "ametaga mayai kando ya mto. Mto ukapanda. Mto ukasema, Kanga, toka, nabeba mayai. Kanga akasema, Beba, lakini ngoja kwanza nihesabu madoa yangu, nisije nikakosa moja ukaambiwa umeiba. Mto una kiburi, haupendi kuitwa mwizi. Ukasema, Hesabu haraka."

Sasa kanga hesabu anaimba, na Magokoro aliiimba, na sisi wote tukaitikia ule mstari wa mwisho:

*Doa moja la shingoni,*
*doa la pili la bawani,*
*doa la tatu la mgongoni —*
*mgongo wangu siuoni!*
*Anza tena.*

"Anza tena!" Noor na Hibo, hadi nikasahau mabati. Mara ya kwanza haraka. Mara ya pili polepole. Mara ya tatu Magokoro akaanza kuvuta maneno kama mtu ana usingizi, na nikaanza kuelewa hiyo kazi yake: kanga anachelewesha mto, Kwamboka anachelewesha jitu, na yeye anachelewesha Hibo asisikie radi. Na Hibo alikuwa ametoka kabisa kwa leso, amekaa juu ya miguu yangu, anahesabu madoa kwa goti langu.

"Doa la tatu la mgongoni…"

Na mvua ikakoma. Vile tu, kama mtu amefunga mfereji. Wingu likapasuka, na jua la jioni likaingia kwa ule ufa wa mlango, likakaa katikati ya uso wa Magokoro.

Akafumba mdomo.

"Magokoro?"

"Ni mchana."

"Hapana!"

"Ona mkono wako."

Niliuona mkono wangu. Nilitamani nisingekuwa nao.

"Lakini Kwamboka yuko kwa jitu!" Hibo akaanza. "Na kanga hajamaliza! Na mayai!"

"Watangoja usiku."

"Cephas hangoji usiku!" nikasema.

"Cephas ni nani?"

"Ndiyo habari niliyokuwa nataka…"

"Milango miwili iko wazi," akasema, na hapo niliona hata yeye hafurahi. "Ukifungua miwili unafunga wa ndani kwanza, halafu wa nje. Sipendi kuacha jitu limeketi wazi kwa nyumba yangu. Lakini Moraa yuko barabarani, na barabara imejaa maji. Sisimulii mchana."

Hibo akalia. Si kile kilio cha kutaka kitu. Ni kile cha kuogopa kweli, kwa sababu kama hadithi iko wazi, basi jitu bado lina njaa, na mama bado yuko nje. Noor naye, bingwa wa kujua, midomo ilikuwa inamcheza. Nikaangalia simu. Inaendelea kurekodi: nusu mabati, nusu hadithi, na sasa kilio.

Nikatundika blanketi mlangoni. Magokoro akasema usiku hautundikwi, nikalitoa. Nikamwambia amalizie kwa Kikisii. Akaniuliza kama jua halisikii Kikisii. Nikakaa chini kwa sakafu, nimechoka na hii familia.

Na hapo ndipo ikanijia.

"Magokoro. Kwa nyumba ya jitu, saa hii ni saa ngapi?"

"Usiku."

"Na nani anasimulia ile ya kanga? Ni wewe?"

Akaweka sinia chini.

"Ni Kwamboka," Noor akasema polepole.

"Si eti? Wewe ulisimulia giza ikiwa giza. Kwamboka ndiye ako katikati, na kwao bado ni usiku. Wewe nyamaza zako. Muache tu Kwamboka amalize."

Bega la Magokoro likaanza kucheza, akacheka bila sauti, vile hucheka kanisani.

"Hiyo chuo ya Rongo walikufunza maneno," akasema. "Sawa. Mimi sisemi kitu. Lakini kwa hiyo nyumba hakuna watoto wa kuitikia. Anayeitikia ni jitu. Jitu ni nani?"

Wote wakaniangalia.

"Mimi?"

"Una sauti," Hibo akasema, machozi bado kwa shavu.

Kwa hivyo Magokoro akafumba macho, na kutoka wakati huo hakusema hata neno moja la kwake. Hakusema "Kwamboka akafanya hivi". Alikuwa yeye Kwamboka, sauti nyembamba, akiongea na mimi.

"Mwenyeji, tulikuwa kwa doa la tatu."

"SONGA!" nikanguruma. Kuku aliyekuwa amejikinga mvua kwa kona akapiga kelele.

"Kanga akaanza tena. Mto ukachoka kusimama. Mto ukasema, Kanga, shingo inaniuma. Kanga akasema, Pole mto, kwani mto huna mto?"

Noor akapasuka kwa kicheko. Mimi mwenyewe ilibidi nishike mbavu, na majitu hayacheki.

"SONGA!"

"Mto ukasema, Kweli, mto nina jina la mto na sijawahi kulalia mto. Kanga akautolea manyoya yake, akautengenezea mto. Mto ukaweka kichwa kwa mto. Maji yakalala chini, chini, hadi kwa mawe. Na kanga akaendelea kuimba, mayai yakiwa makavu. Doa moja la shingoni…"

"SONGA!"

"Doa la pili la bawani…"

"SONGA!"

"Doa la tatu… mgongo wangu siuoni. Anza tena."

"SONGA!"

Nilikuwa nimenoga. Nilikuwa nafanya kazi ya maana kuliko yote nimewahi kufanya hapo redioni. Lakini hadithi haikuisha. Kanga akaanza tena. Na tena. Jua likaanza kuwa la rangi ya chungwa kwa ule ufa. Kila "songa" yangu ilikuwa na nguvu kuliko ya kwanza, nikimsukuma Magokoro afike mwisho, na yeye kila mara: shingoni, bawani, mgongoni, anza tena. Nikafikiria, mama huyu amesahau mwisho! Amesahau, na Mochama anachukua saa yangu, na mimi hapa nanguruma kama ng'ombe wa mnada.

"Doa moja la shingoni," Magokoro akasema kati ya meno, akafungua jicho moja, akalikodoa kwangu.

"SONGAAA!"

Hibo akanifinya paja. Akafinya na kuzungusha.

"Nyamaza!" akaninong'oneza, amekasirika kweli. "Wewe ukisema songa, jitu halijalala! Kwamboka atatokaje?"

Ah.

Usipoitikia, anajua umelala. Msichana alikuwa amekaa hapo kwa moto, chumvi mkononi, akihesabu madoa ya kanga akingoja jitu likose kujibu mara moja tu, mara moja, achomoke. Na jitu lenyewe ni mimi, mtu ambaye hajawahi kukosa kujibu tangu azaliwe.

"Doa la pili la bawani," Kwamboka akasema.

"Son… ga," nikasema, chini.

"Doa la tatu…"

"…so…"

"Mwenyeji?"

Nikafunga mdomo. Hamjui ilivyonigharimu. Nilikuwa na habari, nilikuwa na swali, nilikuwa na "songa" imejaa hadi hapa.

"Mwenyeji, unanisikia?"

Kimya. Nje maji yalikuwa yanatiririka kwa mfereji wa shamba. Noor alikuwa ameshika pumzi.

"Basi kanga mayai yake yakaanguliwa, na mlango wa kanga nimeufunga," ile sauti nyembamba ikanong'ona. "Kwa vile umelala, mwenyeji, nachukua chumvi yangu. Nafungua mlango wako polepole, usilie, mlango. Mvua imeisha. Nafika mtoni. Mto umeweka kichwa. Maji ni ya magoti. Naweka mguu mmoja. Naweka mwingine."

Akanyamaza. Akafungua macho, akatuangalia kila mmoja. Mlango wa nje, wa hadithi ya Kwamboka, bado ulikuwa wazi, na huo haukuwa wa Kwamboka kufunga. Ulikuwa wa Magokoro, na nje bado kulikuwa na jua.

Ni Hibo aliyeona njia. Akasimama juu ya miguu yangu, kwa kisigino, na akasema kwa nguvu:

"Kwamboka!"

Yaani amevuka. Ni jina tu. Mtu yeyote anaweza kuita jina la mtu mchana.

"Kwamboka!" Noor akapiga kelele, na Magokoro akapiga makofi mara moja, kubwa, kama mlango ukijifunga.

Nikashika simu, nikasimamisha, nikakimbia nje hadi kwa ule mti wa parachichi ambako netiweki hufika, matope hadi kwa vifundo, nikaituma kama ilivyo. Mabati, kilio, kuku, kila kitu. Jua lilikuwa limebaki ukucha.

Na nikiwa hapo, nikaona bodaboda inapanda kilima kwa utelezi, anti Moraa nyuma, amelowa hadi nywele, anamfokea dereva.

"Dolphine! Hawa watoto wako wapi? Daraja limejaa, tumezungukia juu, huyu akataka kunipeleka Rongo nikamwambia ni kushoto! Kushoto!"

"Hukupotea, anti?"

"Mimi? Kupotea?"

Hibo alikuwa tayari amemrukia kiunoni, anamweleza kuhusu mto na mto, anti haelewi kitu.

Mimi nikabaki pale chini ya mti nikingoja jibu, hadi simu ikalia. Ujumbe wa Cephas: *Mwanzo ni kelele ya mvua tupu lakini nimeiacha. Mtoto akilia nilikaribia kusimamisha gari. Jumapili ni yako. Na yule jitu alipatikana wapi? Lazima aje kila wiki.*

Nilipiga nduru hadi jirani akachungulia. Nikarudi jikoni mbio, nikateleza, nikainuka.

"Magokoro! Habari yangu! Sasa nikuambie…"

Alikuwa anawasha taa. Akaangalia nje kupitia mlangoni. Jua lilikuwa limeenda.

"Habari ni za mchana," akasema. "Sasa ni usiku. Kesho, mama. Leta hiyo sufuria."

Ndiyo maana nyinyi mmejua kabla yake. Jumapili, asubuhi. Mimi ndiye jitu.